Tupeane uzoefu: bosi yuko safarini, una slaidi kibao, anataka voisi noti ya dakika mbili

Binti Ripoti
Wakuu, leo nimemkuta mwenzangu kwenye ngazi za ofisi, simu mdomoni, anarekodi kwa mara ya nne. Nikakumbuka yangu.

Bosi wangu alikuwa njiani kwenda uwanja wa ndege, akaandika: "Nipe kwa sauti, dakika mbili." Nikafungua slaidi ya kwanza nikaanza nayo: historia ya mradi, timu, malengo, tulivyokusanya takwimu. Nilijitahidi kweli. Nilipofika kwenye pendekezo saa ilikuwa inasoma 1:52, nikalisema mbiombio na kukata. Akapiga simu: "Nimesikiliza yote. Sasa unataka nifanye nini?" Sikuwa na jibu, maana hata mimi sikuwa nimelisema wazi.

Ninyi mnafanyaje? Na kilichowaumiza zaidi ni kipi?

Mwanazamu
Hilo la "unataka nifanye nini" limenipata mara tatu. Naunga mkono uzi.

Hesabu Kali
Rahisi tu. Dakika mbili ni sekunde 120. Gawanya kwa idadi ya slaidi. Ukiwa na 24, kila moja inapata sekunde 5, sentensi moja. Hakuna kitu kinachoachwa.

Mtunza Namba
Hesabu Kali, hesabu yako ni sahihi, ila kazi inaharibika. Slaidi zimepangwa kwa mtu aliyekaa mezani anayeona. Kichwa cha habari, ajenda, picha ya timu, kila kimoja kitakula sekunde 5 sawasawa na pendekezo. Anayesikia kwa sikio hawezi kujua sentensi ipi kati ya 24 ndiyo anayotakiwa kuishika.

Pale uliposhika kweli ni kwenye kuhesabu. Mimi nikisema bila kukimbia, natoa maneno 100 hadi 110 kwa dakika. Kwa hiyo dakika mbili ni maneno 200 tu, nusu ukurasa. Ukiandika ukurasa mzima ujue utakimbia.

Sauti ya Jioni
Mimi huwa naingiza sauti yangu ndani ya kila slaidi, akifungua faili ananisikia nikieleza. Inapendeza sana.

Mwanazamu
Hicho ni kitu kingine ndugu. Aliye kwenye foleni ya kupanda ndege hafungui faili la slaidi kwenye simu. Ndiyo maana ameomba sauti.

Kaka Mkataba
Ngoja niwape yangu, na naomba muisome hadi mwisho, kwa sababu mpaka leo nikisikia mlio wa voisi moyo unashtuka.

Tulikuwa na mkataba wa mtoa huduma mezani. Timu nzima ilichambua kwa wiki tatu, tukatoa slaidi 31. Hitimisho: tusisaini. Kulikuwa na kifungu cha kujirefusha chenyewe, kingetufunga mwaka mwingine bila kuulizwa. Meneja alikuwa safarini, na yeye ndiye mwenye sahihi.

Nikamrekodia. Nilijipanga vizuri, nikaanza na hitimisho kabisa. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hivi, naikumbuka neno kwa neno: "Bosi, tumepitia mkataba wote, na ushauri wetu ni tusisaini wiki hii." Halafu nikaeleza kifungu, nikamaliza. Dakika 1:40. Nikaona kipaza sauti kimegeuka bluu, amesikiliza. Nikalala vizuri.

Asubuhi nakuta barua pepe: mkataba umesainiwa, nakala iko kwenye kiambatisho. Nilisoma ile barua nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Aliporudi nilimwomba anionyeshe alivyosikiliza. Akaniwekea simu mezani. Alikuwa kwenye basi la kuwapeleka abiria kwenye ndege, injini inanguruma, kasi ameiweka 2x. Nikasikiliza kwa masikio yangu mwenyewe. Ile "si" ya katikati haikuwepo. Ilikuwa "tusaini wiki hii". Na maelezo ya kifungu yaliyofuata, yeye aliyachukua kama tahadhari ya kuzingatia baadaye.

Silabi moja, wakuu. Mwaka mzima tukaubeba ule mkataba, na kila mwezi ankara ikifika meza yangu ndiyo iliyokuwa inaipokea.

Mwanazamu
Pole sana kaka. Nimesoma huku nimeshika kichwa.

Hesabu Kali
Lakini kosa ni la bosi. Jambo la mkataba unasikilizaje kwa 2x? Angeweka 1x yasingetokea.

Kaka Mkataba
Kasi anaiweka yeye, siwezi kumpangia. Ninachoweza kupanga ni maneno yangu.

Hesabu Kali
Na wewe ungethibitisha. Kuona bluu si kupata jibu.

Kaka Mkataba
Hapo umenigusa penyewe. Kweli sikuomba jibu.

Mtunza Namba
Kaka, asante kwa kulitoa hili. Ni ugonjwa wa lugha yetu kwenye sauti: ukanushi wetu unakaa ndani ya kitenzi, silabi moja nyepesi, nayo inamezwa. Tusaini, tusisaini. Tulipe, tusilipe. Kwenye slaidi jicho linaiona. Kwenye simu yenye kelele, haipo.

Tangu nilipokosea kitu kinachofanana na hiki, pendekezo la kukataa nalisema kwa kitenzi kinachosimama chenyewe: "tukatae", "tusubiri", "tuahirishe". Hakuna silabi ya kupotea hapo.

Ndugu yake wa karibu ni "kwa" na "hadi". "Gharama zimepungua kwa 12" na "zimepungua hadi 12" ni vitu viwili mbalimbali kabisa, na vinatenganishwa na kaneno kadogo kanakosemwa haraka. Sema vyote viwili: ilikuwa 20, sasa ni 12.

Mama Ratiba
Na mimi niongeze saa. Nilisema "kesho saa tatu". Alikuwa nchi yenye saa nyingine. Saa tatu ya kwake au ya kwetu? Siku hizi natamka "saa za ofisini".

Mpya Kazini
Samahani wakubwa, uzi umenikuta nina yangu ya kutuma kesho asubuhi. Slaidi 26, bosi anapanda ndege mchana. Inahusu msafirishaji wa mizigo: tumwongezee wa sasa miezi mitatu, au tusaini na mpya miaka miwili. Timu inataka nyongeza. Slaidi 14 za mwanzo zote ni grafu za ucheleweshaji. Nianzie wapi?

Mtunza Namba
Anzia slaidi ya mwisho. Kisha niambie: grafu zile 14 zinasema kitu gani kimoja?

Mpya Kazini
Kwamba mizigo inayochelewa imetoka 7 kwenda 18 katika kila 100. Na kati ya hiyo 18, 11 inaondoka kwenye ghala letu ikiwa tayari imechelewa. Hiyo iko slaidi ya 19.

Mtunza Namba
Basi umemaliza, maana hiyo 11 ndiyo inayobeba pendekezo lote. Ningesema hivi:

"Bosi, nahitaji herufi moja kutoka kwako kabla ya Jumatano jioni, saa za ofisini. A, tumwongezee msafirishaji wa sasa miezi mitatu. B, tuingie na mpya kwa miaka miwili. Sisi tunapendekeza A. Sababu: mizigo inayochelewa ilikuwa 7 katika kila 100, sasa ni 18. Tulidhani shida ni magari. Tumefuatilia, na katika hiyo 18, 11 inatoka ghalani kwetu ikiwa imeshachelewa. Yaani hata tukibadilisha msafirishaji, zaidi ya nusu ya tatizo tunabaki nalo. Miezi mitatu itatupa nafasi ya kurekebisha zamu za upakiaji na kupima tena. Hatari ya A ni bei kupanda wakati wa nyongeza. Hatari ya B ni kufungwa miaka miwili kabla ya kujua kosa ni la nani. Ukipata nafasi ya kufungua faili, tazama slaidi ya 19 peke yake. Narudia: A ni nyongeza ya miezi mitatu, B ni mpya kwa miaka miwili. Nasubiri herufi."

Ni maneno kama 130, dakika moja na ushee. Nafasi iliyobaki itumie kwa jambo moja: nani anapinga na kwa nini. Kama yupo, msafiri lazima alisikie kwako kabla hajapigiwa na mwenyewe.

Mpya Kazini
Yupo. Watu wa mauzo wanataka B, wateja wawili wakubwa wameshalalamika.

Mtunza Namba
Liweke kabla ya hatari ya A. Sentensi moja, bila kuwasema vibaya.

Sauti ya Jioni
Mbona hamna salamu? Mkubwa wako unamwanzia "nahitaji"? Mimi siwezi.

Hesabu Kali
Salamu, za safari, za familia, poleni na majukumu, sekunde 20 zimekwisha.

Sauti ya Jioni
Sekunde 20 za heshima hazipotei bure. Bosi wangu nisipomsalimia, ataniuliza kwanza nimekasirishwa na nini.

Mama Ratiba
Msalimie kwa maandishi, akijibu ndipo utume sauti. Pia utajua kama ana mtandao. Ukiona tiki moja tu, ujue bado haijafika kwenye simu yake.

Binti Ripoti
Swali: mnasoma karatasi au mnasema kutoka kichwani? Nikisoma nasikika kama mtangazaji.

Kaka Mkataba
Soma. Ungepitia niliyopitia ungesoma.

Mwanazamu
Mimi hapana. Naandika maneno matano tu kwenye kipande cha karatasi: uamuzi, namba, sababu, hatari, tarehe. Sentensi zinakuja zenyewe, na sauti inabaki ya mtu.

Mtunza Namba
Sentensi ya uamuzi naisoma, nyingine nasema. Na baada ya sauti natuma mstari mmoja wa maandishi: "A = nyongeza miezi 3. B = mpya miaka 2. Tunapendekeza A." Kelele haiwezi kumeza maandishi.

Hesabu Kali
Sasa kama mstari mmoja unatosha, sauti ya nini?

Mtunza Namba
Mstari unabeba uamuzi, haubebi kwa nini. Lakini kuna mabosi ambao mstari unawatosha, sibishi.

Mpya Kazini
Marejesho wakuu. Nimerekodi mara tatu. Ya kwanza ilikuwa 2:31 kwa sababu nilianza kueleza grafu. Nilipoifuta nikaweka karatasi mbele, ikawa 1:44. Niliisikiliza kwa 2x huku feni inawaka, nikagundua "kumi na moja" na "kumi na nane" zinakaribiana sana sikioni, nikabadilisha: "18, na katika hiyo, 11, zaidi ya nusu". Nikatuma na mstari wa maandishi.

Amejibu kabla hajapanda: "A. Hiyo 7 ilikuwa lini?"

Mtunza Namba
Ah. Kipindi. Nilikuandikia mimi na sikukiweka. Mjibu sasa hivi kabla hajazima simu.

Mpya Kazini
Nimemjibu, robo ya kwanza ya mwaka jana. Tiki moja.