Nimsaidieje mwanafunzi anayesema integrali ya e^(x²) ni e^(x²)/(2x)?

Mfundishaji_wa_jioni: Wakuu, kuna kijana ninamfundisha. Hoja yake: e^(3x) ukiiintegreti unapata e^(3x)/3, yaani unagawa kwa derivativu ya kipeo. Basi e^(x²) inagawiwa kwa 2x. Nikamwambia athibitishe kwa kudifarenshieti. Akaandika 2x·e^(x²)/(2x), akakata 2x, akarudi palepale e^(x²). Nilibaki namtazama tu.

Choki: Integrali hiyo haina jibu. Mwambie aiache.

Kipeo_cha_pili: Choki, ina jibu, ila haliandikiki kwa fomula zetu za kawaida. Tukirudi kwa kijana, kosa liko ndani ya uthibitisho wake: amedifarenshieti juu, chini akapaacha kana kwamba 2x ni namba kama 3. Mpe kanuni ya mgawo, atapata

`e^(x²) − e^(x²)/(2x²)`

Kipande cha pili ndicho alichokipoteza. Kwenye 3x hakitokei, kwa sababu derivativu ya 3 ni sifuri.

Tulia_hesabu: Si mjadala mrefu. Weka u = x², dx = du/(2x), kwisha.

Kipeo_cha_pili: Haijaisha, hiyo x iliyobaki chini ni √u. Unabaki na e^u/(2√u), na huwezi kuitoa nje ya integrali. Ingekuwa x·e^(x²), hapo x zingekatana kihalali na jibu ni e^(x²)/2.

Zahra_takwimu: Mbona sisi kwenye takwimu tunapata √π?

Kipeo_cha_pili: Yenu ina alama ya kutoa, e^(−x²), tena kutoka −∞ hadi ∞. Hii ya kijana ukiipeleka huko inalipuka.

Mfundishaji_wa_jioni: Nimempa kanuni ya mgawo, akanuna. Anadai tofauti ni ndogo.

Kipeo_cha_pili: Mpe mipaka, 1 hadi 2. Fomula yake inatoa e⁴/4 − e/2, karibu 12.29. Eneo lenyewe ni karibu 14.99. Akitaka kuanzia 0, atagawa kwa sifuri, ilhali eneo la 0 hadi 1 lipo, 1.4627 hivi. Afungue mfululizo aone: 1 + 1/3 + 1/10 + 1/42 + 1/216 na kuendelea. Ila nimtetee kidogo: x ikiwa kubwa sana, jibu lake linakaribia ukweli kwa asilimia, maana kile kipande kinagawiwa kwa 2x².

Mfundishaji_wa_jioni: Sasa anauliza nani kajua kwamba fomula haipo.

Kipeo_cha_pili: Liouville, miaka ya 1830. Alionyesha kwamba kama ingekuwepo, ingekuwa R·e^(x²), R ikiwa polinomia au polinomia juu ya polinomia. Idifarenshieti, unadai R′ + 2xR = 1. R ikiwa polinomia, 2xR inapanda daraja moja juu yake, na R′ haina uwezo wa kuifuta.

Choki: Na R ikiwa na x chini?

Tulia_hesabu: Mimi bado naona u = x² ingefaa.