Chuck 70 au All Star ya kawaida, nembo ikiwa haionekani?

Mwanakamba: Nimetumiwa picha mbili za Converse nyeusi za shingo ndefu. Moja ni Chuck 70, nyingine All Star ya kawaida, lakini mwenyewe hakumbuki ipi ni ipi. Suruali imefunika nembo ya kifundoni na visigino havionekani. Nianzie wapi?

Zuhura_B: Rangi ya soli. Ya maziwa ni 70, nyeupe pee ni ya kawaida. Hapo umemaliza.

FundiSoli: Zuhura, hiyo inafaa zikiwa mpya. Soli nyeupe ya All Star ikizeeka hugeuka manjano, na kwenye picha utaiita ya maziwa. Mimi naanza na ule ukingo wa mpira unaozunguka kiatu. Wa 70 ni mrefu zaidi kwenda juu na unang'aa kama umepakwa vanishi. Wa All Star ni mfupi na umefifia. Halafu kofia ya mpira kwenye vidole: ya 70 ni ndogo kidogo, kwa hiyo ukingo mrefu na kofia ndogo vikikutana, kiatu kinakuwa na sura yake.

Ukishaona hilo, nenda kwenye turubai, pembeni nyuma tu ya kofia. 70 ina kipande cha ziada cha kuimarisha, na mshono wake unaonekana kwa nje. Mpangilio wa vipande vingine usikupotezee muda, unafanana mno. Hata yale matundu mawili ya hewa upande wa ndani zote zinayo.

Kessy: Zangu ni Vans, kibandiko cha kisigino kimetoka. Ni Authentic au Era?

FundiSoli: Kessy, minya ukingo wa juu unapoingizia mguu. Era, ya 1976, ina sponji mle ndani. Authentic ya 1966 haina, ni kitambaa kitupu. Soli haitakusaidia, zote zina vile vigae vya waflo.

Mwanakamba: Nimerudi kwenye picha. Soli zote mbili zinaonekana za maziwa! Ya kwanza inang'aa, ukingo ni mrefu, na nyuma ya kofia kuna mshono. Ya pili imefifia, ukingo mfupi, mshono siuoni.

FundiSoli: Ya kwanza ni 70, sina shaka nayo. Ya pili naielekeza kwenye All Star iliyozeeka, ila picha imepigwa kutoka juu, na pembe hiyo hufupisha ukingo. Uzi mweusi juu ya turubai nyeusi nao hupotea kirahisi. Omba picha ya pembeni, kamera iwe chini usawa wa soli, mwanga utoke upande mmoja ili mshono utupe kivuli.

Zuhura_B: Mng'ao nao si huisha kwa kuvaliwa?

FundiSoli: Huisha, hasa mbele kiatu kinapokunjika. Ndiyo maana kimo nakiamini zaidi.

Mwanakamba: Nimeomba picha ya pembeni. Bado sijajibiwa.