Mama ameacha vidonge vya usingizi ghafla, sasa anatetemeka

BintiMambrui: Asalaam aleykum. Mamangu ana miaka 67. Tangu baba afariki anameza diazepamu miligramu 10 kila usiku, mwaka wa tatu sasa. Alipoambiwa zinaharibu kumbukumbu akazitupa zote. Leo usiku wa nne halali, mikono inatetemeka, mlango ukigongwa anaruka. Ni huzuni imerudi? Avumilie?

MuuguziPwani: Waaleykum salaam. Asivumilie. Mpelekeni hospitali ya Malindi leo, na pakiti tupu mkononi. Tunachoogopa ni kifafa. Akichanganyikiwa au kuona visivyokuwapo, msingoje hata kidogo. Diazepamu hutoka mwilini polepole, kwa hiyo dalili huenda hazijafika kileleni.

Huzuni inaweza kuwapo, lakini kutetemeka huku kunatokana na dawa kukatwa. Umeona mabaharia wa Lamu wanavyokaa ubaoni, nje ya dau, kuuzuia upepo? Upepo ukikata ghafla, dau hulalia upande wao. Dawa ilikuwa ikiutuliza ubongo kila usiku, nao ukajipanga kuupinga utulivu huo. Dawa imeondoka, ubongo bado umekaa ubaoni.

Zuberi_K: Wapunguze tu. Ameze nusu, kisha usiku mmoja ameze, mmoja aruke.

MuuguziPwani: Kupunguza ni sawa kaka Zuberi, ila nusu kwa mpigo ni nyingi mno, na kuruka usiku kunaipandisha na kuishusha dawa mwilini. Kwa kawaida daktari humrudisha kwanza kwenye dozi iliyomtuliza. Akishatulia, hushuka kama asilimia 5 hadi 10 kila wiki mbili hadi nne. Kwa mama ingekuwa 10, halafu 9: kidonge cha 5 na viwili vya 2. Halafu 8, yaani vinne vya 2. Akifika 5, hatua ziwe za nusu miligramu, robo ya kidonge cha 2, maana hapo chini ndipo wengi hukwama. Hesabu miezi saba au zaidi. Dalili zikizidi, anakaa pale pale mpaka zipoe, hapandi ovyo.

MamaSwabra: Mimi nikikosa usingizi nameza piritoni, nalala fofofo. Mpe hiyo.

MuuguziPwani: Dada, shida yake si kukosa usingizi tu. Na piritoni kwa mtu wa umri huo huongeza kuchanganyikiwa na kuanguka.

BintiMambrui: Tumerudi. Daktari amemrudishia 10, tuonane baada ya wiki mbili ndipo tuanze 9. Vidonge nimevifungia mimi. Mama anauliza: lazima afike sifuri?

MuuguziPwani: Si lazima. Wapo wanaobaki kwenye 2 wakiwa salama kuliko walivyokuwa kwenye 10. Hilo waliamue yeye na daktari wakiwa njiani. Dawa yoyote ya kikohozi yenye kodeini asiguse: zikichanganyika huweza kudhoofisha pumzi.

Zuberi_K: Na akiwa safarini Lamu wiki ya kushuka?

MuuguziPwani: Asishuke wiki hiyo.