Batani ya iafoni ya kulia hailii tena, nimpe fundi abadilishe swichi ama nisubiri?

Msusi wa Mtopanga
Asalaam aleikum wenzangu, naomba msaada wa haraka. Nina iafoni zangu zile za bila waya, zina batani ya kubonya upande wa nje, moja kila sikio. Ya kulia imekwama wiki ya pili sasa. Mimi nasuka nywele, kutwa mikono imeshika rasta, simu ikipigwa nabonya kwa fundo la kidole naongea na mteja huku nasuka. Sasa nikibonya haina ule mlio wa "tik", na simu haipokeleki. Fundi mmoja mjini ameiangalia akasema swichi imekufa, kubadilisha ni 1,200. Nilinunua zote mbili 2,500. Je swichi kweli hufa hivi hivi ama ni uchafu tu? Nataka jibu leo kabla jioni.

Baharia wa Likoni
Waaleikum salaam. Dada, nunua mpya. 1,200 kwa kitu cha 2,500 ni hasara. Mimi yangu ilianguka kwenye feri ikaingia majini mbele ya macho yangu, sikusumbuka na fundi, nilienda Mwembe Tayari siku hiyo hiyo.

Mama Kauthar
Mimi nina swali, kwani lazima uongee na simu ukiwa kichwani kwa mtu? Mteja amekuja akulipe, wewe waongea na mwengine. Siku hizi adabu ya kazi imepotea.

Msusi wa Mtopanga
Mamangu nakuheshimu lakini hao wanaopiga ndio wateja wa kesho. Naomba turudi kwa batani.

Waya Mbili
Pole dada. Yangu mimi ni ya waya, ina kile kidude cha batani tatu karibu na kidevu. Nikibonya ya katikati wimbo usimame, sauti ndio yaongezeka. Nimebadilisha simu mara mbili, ikawa vile vile. Nafikiri hizi batani zote zimetengenezwa vibaya siku hizi, wala sio uchafu.

Fundi wa Kongowea
Dadangu Msusi, kabla hatujasema lolote nijibu haya. Ukiitoa kwenye kikasha, inajizima yenyewe ama inaingia kwenye kutafuta simu bila wewe kuigusa? Ukibonya mara 20 kwa mfululizo, simu inasikia mara ngapi? Na ile ya kushoto ukiibonya karibu na sikio usiku pakiwa kimya, mlio wake ukoje ukilinganisha?

Waya Mbili, yako ni kesi nyengine. Kwa simu za Android batani ya katikati ikibonywa simu husoma upinzani wa umeme wa karibu sifuri, ya kuongeza sauti omu 240, ya kupunguza omu 470. Jasho na chumvi zikijenga utando pale batani inapogusana, ile ya katikati haifiki sifuri tena, simu yadhani umebonya kuongeza sauti. Kwa hiyo yako ni uchafu haswa, na mwenye mita anaweza kukuhakikishia kwenye pini bila kufungua chochote. Ya Msusi haina pini ya kupimia, itabidi tuisikize na kuihesabu.

Msusi wa Mtopanga
Ahsante fundi. Nimejaribu sasa hivi. Mara 20 imesikia mara 3, na hizo 3 ni pale nilipobonya kwa nguvu ukingo wa juu. Katikati hakuna kitu, laini kama unga wa mandazi. Ya kushoto yasema tik vizuri. Haijizimi sasa. Wiki iliyopita ndio ilikuwa yajizima nikiitoa tu.

Kaskazi 41
Swichi isiyolia imekufa, hilo halina mjadala. Ule mlio ni chuma ndani kinainama, chuma kikichoka hakiinami tena. Fundi wako yuko sahihi. Kama hutaki kubadilisha tia petroli kidogo, inaosha kila kitu.

Fundi wa Kongowea
Petroli hapana, kaka. Italainisha plastiki na gundi inayoshika kifuniko, na mle ndani mna betri ya lithiamu. Kuhusu chuma umesema kweli nusu. Ni kweli ndani mna kibati chembamba kilichopinda kama kikombe kilichofunikwa, ukubwa wake milimita 3 au 4, ukikibonya kinabonyea ndani, hapo ndipo mlio na hapo ndipo umeme unagusana. Lakini safari yake nzima ni kama robo milimita tu. Uchafu ukikaa chini ya kifuniko cha plastiki, kidole chako kinaishia kwenye uchafu, kibati hakifikiwi. Kibati kizima, mlio hakuna.

Dada, kuna jambo halijanikaa. Wiki iliyopita ilijizima yenyewe, maana yake batani ilikuwa imelala chini imejishikilia. Leo imeinuka lakini haina mlio. Katikati hapo ulifanya nini?

Msusi wa Mtopanga
Sikufanya kitu kikubwa. Niliipangusa.

Fundi wa Kongowea
Kwa kitu gani?

Msusi wa Mtopanga
Haya. Nilitia mafuta ya cherehani. Tone mbili. Jirani ni fundi wa nguo akaniambia cherehani ikikwama dawa ni hiyo, na wallahi ilifanya kazi, batani iliinuka papo hapo, nikapokea simu siku nzima. Siku ya pili ndio ikawa hivi. Kwa hiyo msiniambie mafuta ndio tatizo, manake kabla ya mafuta ilikuwa mbaya zaidi. Na yule fundi wa mjini nshampa 400 ya kuanzia, naenda jioni, ndio mana nataka kujua kama swichi imekufa.

Mpwa wa Pwani
Samahanini, mimi siamini uzi huu. Mwanzo imekwama, halafu haina mlio, halafu ilijizima, halafu haijizimi, sasa mafuta ya cherehani. Na iafoni zote za siku hizi ni za kugusa, nani bado anauza za kubonya? Huyu ni fundi anajitafutia wateja, anajiuliza na kujijibu mwenyewe kwa majina mawili. Nimeona mchezo huu mara nyingi.

Baharia wa Likoni
Eh. Hata mimi nilishangaa mtu kujua omu 240 kwa kichwa.

Mama Kauthar
Kama ni uongo Mungu anaona.

Msusi wa Mtopanga
Mpwa, za kugusa nilikuwa nazo. Msusi hazimfai. Rasta ikipita tu shavuni simu inakatika, kidole kikiwa na jeli inapokea isipotakiwa. Nikatafuta za kubonya kwa makusudi, nikazunguka maduka manne. Nikwambie niko nayo mkononi sasa hivi: kando ya batani kuna mfereji mwembamba kama uzi, umejaa kitu cha rangi ya kahawia, na chini upande wa sikio kuna unywele wa rasta mweusi umeingia ndani na ncha imetoka. Siwezi kutunga unywele.

Fundi wa Kongowea
Sina jina la pili na simuombi mtu kazi. Hayo yanayoonekana kama kujipinga ndiyo yamenipa jibu. Kwanza jeli ya nywele na mafuta ya ngozi vikakauka kwenye ule mfereji, vikashika kifuniko chini: ndio ikawa inajizima, kama umeishikilia kidole. Ukatia mafuta, gundi ile ikalainika, kifuniko kikainuka. Halafu mafuta yakabeba ile takataka yote, vumbi la rasta ndani yake, yakaishusha chini ya kifuniko, juu ya kibati. Sasa una uji pale. Ule ukingo wa juu unaosikia mara 3 ndio sehemu ambayo uji haujafika. Swichi iliyovunjika kibati huwa mbovu popote ubonyapo.

Nasema "pengine" iko hai, sisemi hakika. Mafuta yakiwa yameingia ndani ya swichi yenyewe huacha utando, na ule mpira wa kuzuia maji unaweza kufura. Lakini jaribu kabla ya kufungua, manake hizi zimebanwa kwa gundi, zikifunguliwa hazizibiki tena kama mwanzo, na kisu kikiteleza kikagusa betri ni moto.

Nunua spiriti ya isopropili ya asilimia 99, maduka ya vipuri vya umeme mjini yanayo. Usichukue spiriti ya vidonda ya duka la dawa, nyengine ina mafuta ndani, wala sanitaiza ya jeli. Toa mpira wa sikio. Anza pakavu: kata ncha ya kadi ya kukwangua, ipitishe kwenye mfereji kuzunguka, toa huo unywele. Sindano usiitumie, utatoboa mpira. Halafu mswaki laini, uchovye, ukung'ute mpaka usidondoshe, geuza batani iangalie chini ili uchafu utoke usiingie, sugua ukingo huku wabonya mara 30. Kandamiza tishu. Angalia rangi. Epuka kile kitundu cha maiki. Rudia mpaka tishu itoke nyeupe, halafu iache nje ya kikasha saa 2 mbele ya feni. Usiipashe moto. Ikikauka bonya 20, uhesabu. Hesabu ikipanda kila duru, ni uchafu. Ikibaki 3 baada ya duru 3 safi, mpelekee fundi wako.

Kaskazi 41
Na mlio ukirudi lakini simu isisikie?

Fundi wa Kongowea
Hapo kibati ni kizima ila pale kinapogusa pana kutu au utando. Hiyo ndiyo ngumu, spiriti mara yaifikia mara haifiki.

Msusi wa Mtopanga
Na ile 400 yangu?

Baharia wa Likoni
Hiyo isahau.

Msusi wa Mtopanga
Siisahau, ni nusu ya kichwa kimoja. Nimempigia nimemwambia angoje siku tatu, amenuna lakini amekubali.

Msusi wa Mtopanga
Nimerudi, siku ya pili. Unywele umetoka mrefu kama kidole. Tishu ya kwanza ilitoka kahawia nzito, yanuka jeli. Duru ya kwanza 11 kati ya 20. Duru ya pili 17, na mlio umerudi, mdogo kuliko wa kushoto lakini upo. Nikafurahi nikailaza. Asubuhi nimehesabu tena, 12.

Mpwa wa Pwani
Sasa imeshuka. Si nilisema.

Fundi wa Kongowea
Mafuta yaliyobaki ndani yanatambaa kurudi usiku. Tone mbili ni nyingi kwa tundu lile. Rudia duru ya tatu na ya nne leo, bonya 50 badala ya 30, na ulale nayo batani ikiangalia chini juu ya tishu. Kesho asubuhi tazama kama tishu ina doa.

Waya Mbili
Na mimi yangu nisafishe vile vile?

Fundi wa Kongowea
Vile vile, ila anza na ya katikati.

Msusi wa Mtopanga
Tishu ya asubuhi ina doa dogo la njano, kama punje ya mtama. Hesabu ni 16. Mteja wangu wa saa tatu ameshafika, naweka ya kushoto sikioni, ya kulia nimeirudisha juu ya tishu.