Ukoo wa Bibi Kirumba: futari ya sita

JUMANNE

19:02 Shangazi Mwajuma: Asalaam alaykum ukoo. Funga sita za Mfungo Mosi tunaanza Alhamisi, tunamaliza Jumanne ijayo, jioni yake futari kwa Bibi. Kila nyumba elfu kumi. Nani yumo?

19:40 Shangazi Mwajuma: Mmesoma, tiki za bluu naziona.

19:41 Juma: Mimi nimefunga kuchangia 😂

19:47 Musa Nyakato: Waalaykum salaam shangazi. Alhamisi mtakuwa mmechelewa. Idi tuliswali Jumatatu, hiyo ndiyo mosi. Basi kila Jumatatu hesabu: 1, 8, 15, 22, na hii ijayo ni 29. Ukianza Alhamisi, ile ya sita inaangukia Jumanne, na Jumanne hakuna anayejua leo kama itakuwa 30 au mosi ya Mfungo Pili. Anzeni kesho, Jumatatu mmemaliza.

19:52 Shangazi Mwajuma: Kalenda yangu ya ukutani inaonyesha mwezi una siku 30.

19:53 Musa Nyakato: Idi wameiweka siku gani?

19:58 Shangazi Mwajuma: Jumapili.

19:59 Musa Nyakato: Basi hiyo 30 yao ndiyo Jumatatu yetu ya 29. Jumanne haimo.

20:01 Ba'mdogo Shabani: Hata kalenda inajua Idi ilikuwa Jumapili.

20:02 Shangazi Mwajuma: Shabani usianze. Watu wamefunga, wewe unapita na sahani ya pilau saa saba mchana mpaka kwa Bibi!

20:04 Ba'mdogo Shabani: Mwezi umeonekana nchi nyingine, nifunge siku ya Idi? Haramu hiyo. Mwezi ni mmoja.

20:05 Juma: Nyama ilikuwa laini lakini, tuseme ukweli

20:05 Shangazi Mwajuma: Juma ulijuaje???

20:11 Musa Nyakato: Ba'mdogo, kwa hesabu yako kesho ni 25, na 29 yako ni Jumapili. Umebakiza ngapi?

20:13 Ba'mdogo Shabani: Nne. Ya kwanza nilifunga ile Jumatatu mnakula nyinyi. Harufu ya biriani yenu nilivumilia, sikumtukana mtu.

20:20 Rukia: Jamani mimi nina deni la siku saba za Ramadhani. Nianze lipi?

20:22 Mama Nasri: Deni kwanza, la sivyo sita hazisihi. Na lazima zifuatane.

20:31 Musa Nyakato: Kufuatana ni bora, si lazima, ilimradi zote ziwe ndani ya mwezi. Deni ndiyo penye maneno. Hadithi inasema aliyefunga Ramadhani kisha akaifuatishia sita, na mwenye deni wapo wanaosema Ramadhani yake haijatimia. Ila kwa sisi Shafii deni la udhuru lina nafasi mpaka kabla ya Ramadhani nyingine, kwa hiyo ukitanguliza sita zinasihi. Ukilipa saba kwanza, mwezi unakuishia. Wengine wanasema hata deni ukilifunga ndani ya mwezi huu unapata na fadhila za sita, wengine wanakataa.

20:33 Rukia: Sasa ndo nishike lipi kaka 😩

20:34 Juma: Hivi jema moja si kumi? 36 mara kumi ni 360, na mwaka wa Kiislamu ni siku 354. Chenji yangu nampa Rukia apunguze deni

20:35 Shangazi Mwajuma: JUMA. Elfu kumi.

21:10 Bibi (simu ya Salma): Bibi anasema niandike hivi. Pilau la Shabani nililila mimi. Nilikuwa na homa, sikufunga siku ile, na Shabani alijua. Maneno hayo yaishe. Futari ni Jumatatu, hapa kwangu. Aliyemaliza aje, asiyemaliza aje. Hela msikusanye, kila mtu aje na chakula chake.

21:32 Ba'mdogo Shabani: Inshallah mama.

21:50 Shangazi Mwajuma: Sawa mama. Pole kwa homa.

23:48 Idrisa Ukerewe: Ndo nashika mtandao. Jumatatu siji, giza hilo, tuko ziwani na taa. Sita zangu nilimaliza mwezi ulipokuwa mpevu, dagaa hawavuliki tumekaa tu kambini. Ila nitawaangalizia. Jumatatu alfajiri nikiuona bado uko mashariki, jioni yake msihangaike kuutafuta.

23:55 Musa Nyakato: Dalili nzuri hiyo. Lakini mwezi unaandama kwa kuonekana magharibi baada ya jua kuzama. Usipoonekana, hata kwa mawingu, tunatimiza 30.

23:56 Shangazi Mwajuma: Kwa hiyo Jumanne bado inawezekana??

JUMATANO

04:50 Shangazi Mwajuma: Amkeni mle daku. Nani anaanza leo?

06:40 Juma: Nimelala mpaka sasa, sijala wala sijanuia

06:52 Musa Nyakato: Ni sunna, kama hujatia kitu mdomoni tangu alfajiri unaweza kunuia kabla ya adhuhuri.

06:53 Juma: Nimeshakunywa chai 😂 naanza kesho, nasubiri mwezi wa Idrisa

09:15 Shangazi Mwajuma: Sato wa Jumatatu analeta nani?

13:02 Shangazi Mwajuma: ?