Tupeane uzoefu: kwenye mtihani wa usafi wa chakula, swali la mchoro wa kiwanda lilikunyima alama wapi?

Naanza mimi. Tulipewa ramani ya kiwanda cha kuku wa kupikwa: upande mmoja mbichi, katikati oveni ya milango miwili, upande wa pili chumba cha usafi wa juu ambako kuku hukatwa na kufungwa. Nikachora ukuta safi kabisa, na milango ya oveni isiyofunguka yote kwa wakati mmoja. Mfereji wa maji machafu nikaupitisha toka upande mbichi, chini ya mashine ya kukatia, hadi nje. Alama 4 zikaenda na maji.

Mzee wa Ukaguzi: Ukuta ulichora, ila maji uliyaacha yapite. Bakteria wa listeria, wanaougulisha watu kupitia chakula, hukaa kwenye mifereji na huendelea kuzaliana hata kwenye ubaridi wa friji. Mfereji ukiziba, maji ya kuku mbichi yanafurika chini ya nyama iliyopikwa. Tena msafishaji akipiga mpira wa presha pale, matone madogo yanaruka hadi kwenye kisu, na baada ya kukata hakuna moto mwingine wa kuwaua. Chora mifereji miwili tofauti. Ukilazimika kuwa na mmoja, maji yatoke usafi wa juu kwenda upande mbichi, yasiweze kurudi.

Nuru: Mimi niliangushwa na hewa. Niliweka feni ya kuvuta hewa nje ya chumba cha usafi wa juu, kwa kuwa oveni inatoa mvuke. Mvuke si lazima utoke?

Mzee wa Ukaguzi: Utoke, lakini hewa iliyochujwa inayoingizwa iizidi inayovutwa. La sivyo, mlango ukifunguliwa chumba kinavuta hewa ya upande mbichi. Shika kamba nyepesi mlangoni uone inaelekea wapi.

Kijana wa Zamu: Kwetu kuna beseni la dawa la kukanyagia mlangoni. Si linatosha?

Nuru: Swali ni la mchoro, ndugu. Ila mimi ningeandika viatu vinavyobaki mle mle ndani, vya rangi yake. Dawa ya beseni huchoka kwa uchafu.

Kijana wa Zamu: Mwalimu wetu alilipa alama beseni.

Fundi Chuma: Mtihani wangu uliongeza picha ya meza ya mkanda, miguu ya bomba lenye uwazi ndani, imetobolewa kwa skrubu. Wengi waliandika "chuma cha pua, sawa". Mimi niliwahi kufungua skrubu kama hiyo kazini: yakachuruzika maji meusi yenye harufu. Kwa miezi vipimo vya eneo lile vilikuwa vinatoka safi wiki hii, wiki ijayo listeria, na sisi tunaongeza dawa tu. Dawa haifiki ndani ya bomba. Tuliweka miguu ya chuma kisicho na uwazi, viungio vikachomelewa mfululizo bila tundu. Hilo ndilo nililoliandika.